Mistari ya uzoefu kwenye wasifu: nyakati za vitenzi na tahajia

Swali: Wakuu, niko Kigoma, naomba kazi ya utunzaji ghala. Nimeambiwa wasifu wangu umeandikwa ovyo, na mimi sioni kosa. Sehemu yenyewe hii hapa:

Mtunza ghala la mawese, Ujiji (2018–2021)
- Kupokea madumu ya mawese toka kwa wakulima
- Nimesimamia vibarua 6
- Huandaa ripoti ya stoo kila wiki
- alipunguza upotevu wa mafuta kwenye gala.

Jibu: Mkuu, mistari minne, na kila mmoja umeanza kivyake. Tuanze na vitenzi, maana ndivyo vinavyoonekana kwanza.

"Kupokea" ni jina la tendo, halisemi nani wala lini. Ukitaka mtindo huo, utumie mwanzo hadi mwisho, ila ujue unapokwama: "Kupunguza upotevu" husomeka kama jukumu ulilopewa, si jambo ulilolifanikisha. "Nimesimamia" ina -me-, na -me- huleta jambo hadi leo, wakati kazi yenyewe iliisha 2021. Msomaji anabaki kujiuliza kama bado upo pale. "Huandaa" haina nafsi kabisa, tena ni mazoea yanayoendelea. "Alipunguza" ni mtu mwingine anayekusema. Mara nyingi hutokea pale sentensi inaponakiliwa kutoka barua ya bosi wa zamani.

Kwa kazi iliyokwisha, tumia nili- kila mstari. Usiogope kwamba mazoea yatapotea, kwa sababu "kila wiki" inayabeba. Huna haja ya "nilikuwa naandaa".

- Nilipokea madumu ya mawese kutoka kwa wakulima.
- Nilisimamia vibarua 6.
- Niliandaa ripoti ya ghala kila wiki.
- Nilipunguza upotevu wa mafuta ghalani kwa kupima kila dumu kabla ya kulipokea.

Maneno ya mwisho hapo juu nimeyaweka kama mfano tu. Wewe andika njia uliyoitumia kweli.

Kazi unayoifanya sasa inataka -na-. Hapo kuna mtego mdogo: "napokea" na "ninapokea" zote ni sahihi, lakini kwenye ukurasa mmoja chagua moja. Mimi ningechukua "ninapokea", kwa kuwa inalingana vizuri na "nilipokea" ya kazi iliyo chini yake. Jambo lililokwisha ndani ya kazi ya sasa libaki na nili-, na uliwekee mwezi au mwaka ili msomaji asidhani umechanganya: "Nilihamisha leja zote kwenye kompyuta, Machi 2023." Siku ukiacha kazi hiyo, rudi ubadilishe kila -na-. Mchanganyiko mwingi huzaliwa hapo: mtu anaongeza kazi mpya juu, ya zamani anaiacha kama ilivyokuwa.

Sasa tahajia. Kwenye mistari minne una "stoo" na "gala" kwa kitu kimoja. Ghala ni ghala. Shika hilo, liandikwe kwa gh popote lilipo. Yanayoteleza zaidi kwenye kazi yako ni haya: thamani, stakabadhi, kudhibiti, gharama, na "kwa ajili", ambayo ni maneno mawili. Jihadhari zaidi na "samani". Ni neno halali, ila maana yake ni viti na meza, kwa hiyo ukiandika "samani ya mzigo" ukikusudia thamani, hakuna kikagua tahajia kitakachoshtuka. Na kama Word yako imewekwa Kiingereza, mistari myekundu itajaa kila mahali, nawe utazoea kuipuuza hata pale penye kosa la kweli.

Kubadilisha neno kwa mkupuo, bonyeza Ctrl+H, lakini fungua More kwanza uweke alama kwenye "Find whole words only". Bila hiyo, ukibadilisha "toka" kuwa "kutoka", kila "kutoka" iliyokuwa sahihi itageuka "kukutoka".

Vipimo navyo vilingane. Ukiandika madumu ya lita 20 mstari mmoja, usiandike kilo 20 mwingine ukidhani ni kitu kilekile: lita 20 za mawese ni kama kilo 18, na mtu wa ghala atakukamata hapo. Nukta mwishoni weka zote au uache zote. Herufi kubwa mwanzoni, zote.

Ukimaliza, funika ukurasa kwa karatasi uache neno la kwanza tu la kila mstari, ushuke nalo mpaka chini. Unatakiwa kuona nina- kwenye kazi ya sasa na nili- kwenye zilizokwisha; ukikuta nili- kwenye kazi ya sasa, funua mstari huo uhakikishe una mwezi au mwaka. Kisha soma mistari kuanzia wa mwisho kupanda juu, ili jicho lisikimbilie maana likaruka herufi.