Re: Ukubwa wa ROM na PLA kwa fanksheni mbili

> Wakuu, nina F1 = Σ(1,3,6,7) na F2 = Σ(0,2,5), zote za A, B, C. Nahitaji ROM ya ukubwa gani, na PLA ya ukubwa gani?

Habari mkuu. ROM usiirahisishie chochote. Maingizo 3 yanatoa anwani 8, kila anwani inabeba biti 2, kwa hiyo ni 8×2, biti 16. Andika jedwali la ukweli humo kama lilivyo: anwani 5 inabeba F1=0, F2=1.

Kwenye PLA kinachoamua ukubwa ni idadi ya vizidisho tofauti, kwa hiyo kabla ya yote rahisisha kila fanksheni pamoja na kinyume chake:

```
F1  = A'C + AB
F2  = A'C' + AB'C
F2' = A'C + AB + AC'
```

Wengi huchagua F2 kwa kuwa ni fupi, wakaishia na vizidisho 4. Chukua F2': inatumia A'C na AB ambavyo F1 tayari inavyo, hivyo jumla ni 3 tu. Pale kwenye tokeo la F2 weka kigeuzi. Ukikisahau, F2 yote itatoka kinyume. Jaribu 101, lazima upate 1.

Viungo vya PLA: 2×3×3 upande wa AND, 3×2 upande wa OR, na 2 vya vigeuzi. Jumla 26, kwa hiyo hapa ROM ni ndogo zaidi. Lakini maingizo yakiwa 10 na vizidisho vikabaki 3, ROM inafika biti 2048, PLA viungo 68.