Eleza nini? Soma amri ya swali hadi mwisho

*Swali: Nafundisha Historia ya Tanzania na Maadili katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wanajua mambo mengi, lakini kwenye maswali ya kujieleza wanajaza kurasa mbili na kuambulia alama chache. Swali likisema "eleza", wao wanasimulia. Je, eleza, elezea, fafanua na jadili vina tofauti gani, na niwafundisheje? – Mwalimu, Songea*

Mwalimu, tuanze na *eleza*, maana ndicho kinachowaponza. Kitenzi hiki kimetokana na *elea*, kwa maana ile tunayoitumia tukisema "somo limenielea". Kueleza ni kufanya jambo limwelee mtu. Kitenzi chenyewe hakisemi limwelee kwa njia gani: kwa kuonyesha sura yake, kwa kusimulia lilivyotokea, au kwa kutoa sababu zake. Yote matatu yamo ndani yake. Mwanafunzi anayekisoma peke yake na kuanza kuandika atachukua njia iliyo nyepesi kwake, na nyepesi kuliko zote ni kusimulia.

Kinachoamua ni neno linalokifuata. "Eleza sifa za utawala wa Wangoni" inataka wasifu: ulikuwaje. "Eleza namna Wajerumani walivyokusanya kodi" inataka hatua. "Eleza sababu", "eleza kwa nini" na "eleza athari" zinataka chanzo na matokeo, na uhusiano wa hayo mawili uonekane kwenye karatasi. Kwa hiyo wafundishe wapigie mstari maneno mawili, kitenzi na jina linalokifuata. Wakipigia *eleza* tu, hawajajua bado wanachoulizwa.

Kuhusu *elezea*, ni umbo la kutendea la *eleza*. Katika mazungumzo watu huyabadilisha maumbo haya bila kujali, na watunga maswali wengine hufanya hivyohivyo. Usiwajengee wanafunzi kanuni juu ya herufi moja hiyo; jina linalofuata litawaongoza vizuri zaidi.

Sasa tuchukue swali la kwenu hukohuko: "Eleza sababu mbili zilizofanya wapiganaji wa Maji Maji washindwe." Jibu la kawaida huwa hivi:

"Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji. Wamatumbi wakang'oa pamba, wakawashambulia Wajerumani. Wapiganaji wakaenda Mahenge wakavamia boma. Wajerumani wakawapiga kwa bunduki za rashasha, wakachoma mashamba, njaa ikaingia, wakashindwa."

Hakuna uongo humo. Kila jambo lilitokea, na kwa mpangilio huo. Lakini tazama vitenzi: *wakang'oa, wakawashambulia, wakaenda, wakavamia, wakawapiga, wakachoma*. Kiambishi *-ka-* ni cha masimulizi. Kinasema hili lilifuata lile. Hakisemi hili lilisababishwa na lile. Msomaji anaweza kuotea kwamba kuchomwa kwa mashamba kulichangia kushindwa, ila mwanafunzi hakulisema, na msahihishaji hana ruhusa ya kulisema kwa niaba yake. Hiki ndicho kipimo ambacho ningekitumia darasani kabla ya kingine chochote: mwanafunzi azungushie duara kila *-ka-* katika jibu lake. Aya ikijaa maduara huku swali likiuliza sababu, basi amesimulia.

Linganisha na jibu hili:

"Sababu ya kwanza ni tofauti ya silaha. Wapiganaji wengi walikuwa na mikuki, mishale na magobole, na waliamini maji yangezuia risasi, kwa hiyo waliliendea boma la Mahenge tarehe 30 Agosti 1905 wakiwa kundi kubwa mahali pa wazi. Rashasha huua zaidi watu wakisongamana, ndiyo maana walipoteza watu wengi kwa muda mfupi. Sababu ya pili ni njaa iliyosababishwa kwa makusudi. Wapiganaji walipoacha mapigano ya ana kwa ana na kuingia porini, walitegemea chakula cha vijiji. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ili kulikata tegemeo hilo, na watu wasio na chakula hawakuweza kuendelea kupigana."

Mambo ni karibu yaleyale, tena machache zaidi. Kinjikitile na pamba vimeachwa, kwa sababu vinaeleza kwa nini vita vilianza, na swali halikuuliza hilo. Kilichoongezeka ni viungo: *kwa hiyo, ndiyo maana, iliyosababishwa, ili*. Kila kimoja kinabeba kazi.

Hapa pana mtego. Ukiwaambia wanafunzi watumie *kwa sababu*, watakitumia kila mahali na bado hawataeleza. "Walishindwa kwa sababu walizidiwa" inarudia swali kwa maneno mengine. "Walishindwa kwa sababu ya silaha duni" ni kutaja, si kueleza. Ingetosha kama swali lingesema *taja*. Baada ya kila sababu, mwanafunzi ajiulize "kivipi?" na aandike jibu lake katika sentensi inayofuata. Silaha duni ziliwashinda kivipi? Akishindwa kujibu hapo, sababu hiyo ni jina alilolikariri tu.

*Fafanua* kiko karibu na *eleza*, ila mkazo wake ni kufungua jambo ambalo tayari limetajwa, kwa undani na kwa mfano. "Fafanua maana ya ukoloni" ikijibiwa kwa sentensi moja ya kamusi imejibiwa nusu.

*Jadili* kinahitaji nafasi zaidi. "Imani ya maji ndiyo iliyowaangamiza wapiganaji. Jadili." Hapa kauli imewekwa mezani ili ipimwe. Upande wa kuikubali upo: imani iliwafanya wajitokeze mbele ya risasi. Upande wa kuipinga upo pia: maji hayohayo yaliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga na Wangoni, watu waliokuwa na viongozi tofauti, na bila muungano huo vita visingeenea kusini kote. Isitoshe, njaa ilikuja baada ya wengi kuona kwamba maji hayazuii risasi, na ikawamaliza hata hivyo. Mwanafunzi amalize kwa kusema upande upi una uzito na kwa nini. Asipochagua, hajajadili, amepanga hoja katika mafungu mawili.

Kauli ileile ikifuatwa na *thibitisha*, kazi inabadilika kabisa. Swali limekwisha kuamua kwamba kauli ni kweli, na linataka ushahidi tu. Wanafunzi hodari ndio hukosea hapa: hutumia nusu ya jibu kuipinga kauli, na nusu hiyo haina alama. Na ukikuta "jadili sababu tano", rudi kwenye jina: sababu ndizo zinazotakiwa, kila moja ikiwa na maelezo yake. Usiwaache watafute upande wa pili ambao haukuombwa.

Nina ombi moja kwako unayetunga mitihani ya darasani. "Eleza Vita vya Maji Maji" ni swali lisilo na jina la kuongoza, na mwanafunzi anayelijibu kwa simulizi amelijibu sawasawa. Ukimnyima alama unamwonea. Andika "Eleza kwa nini Vita vya Maji Maji vilienea haraka" au "Eleza athari mbili za vita hivyo kwa Wangoni", na uweke alama za kila hoja pembeni, ili ajue kama anatakiwa kuandika sentensi moja au nne.