Wiki ya kwanza Ujerumani: anza na karatasi ya mwenye nyumba

Wadau mnaokuja Ujerumani kusoma semista ya Oktoba, kila mwaka naulizwa yaleyale, sim kadi gani nzuri, benki gani rahisi, eapoti wanauliza nini, na mimi kila mwaka jibu langu linaanza sehemu ambayo mtu hakuuliza: umeshapata karatasi ya mwenye nyumba? Maana huku mambo yamefungana kama mnyororo, benki wanataka anwani yako iwe imeandikishwa, kuandikisha anwani kunataka saini ya mwenye nyumba, na hela yako ya kuishi uliyoiweka kwenye akaunti maalum ili upate visa haitoki mpaka uwe na akaunti ya kawaida ya benki. Ukikosea pete ya kwanza, wiki nzima unazunguka ofisi na unarudi mikono mitupu.

Ntawaelezea kwa mfano wa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ametua Frankfurt Alhamisi tarehe 25 Septemba 2025 akitokea Dar, na mimi ndo nilikuwa nampeleka huku na huku.

Uhamiaji kwanza. Maswali ni mafupi: umekuja kufanya nini, unasoma nini na chuo gani, utakaa wapi, nani anakulipia. Kiingereza kinatosha. Wanachoangalia ni kama maneno yako yanafanana na visa uliyobandikiwa, kwa hiyo jibu ulichoulizwa halafu nyamaza, usianze kuelezea kwamba utatafuta na kazi hapo baadaye, hata kama sheria inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka. Visa yako ni ya masomo, sema masomo. Makaratasi yawe kwenye begi la mkononi: barua ya chuo, karatasi ya kuthibitisha hela, bima ya safari na anwani ya unapokwenda. Mdogo wangu alitaka kuyaweka kwenye sanduku kubwa kwa sababu yalikuwa yanakunjika, nikamkatalia kwenye simu, maana sanduku unalikuta baada ya kupita kwa askari, sio kabla.

Kitu wengi hawakijui, ukiunganisha ndege Amsterdam basi unakaguliwa hapohapo Amsterdam na askari wa Kiholanzi, ukifika Ujerumani hakuna tena dirisha la uhamiaji, so usiseme makaratasi ntayapanga vizuri nikikaribia. Na angalia tarehe ya kuanza kwenye visa, ukifika hata siku moja kabla hawakupitishi. Nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Ulaya haviruhusiwi, hata ile samli ya bibi, watachukua na kutupa. Dagaa wakavu hawana shida kwa mzigo wa kawaida wa kula mwenyewe.

Laini ya simu tulifanya Ijumaa. Sim kadi zinauzwa mpaka supamaketi, kama euro 10, lakini kununua sio kuwasha. Tangu Julai 2017 ni lazima usajiliwe kwa pasi ndo laini iwake, na wengi wanakwama hapa, maana ile ya supamaketi unasajili kwa simu ya video, unamwonyesha mtu pasi unaigeuzageuza kwenye mwanga, na pasi nyingine mfumo wao hauzikubali kabisa au intaneti inakata katikati. Ya kwetu ilikataa mara mbili. Tukaenda duka la simu lenye mhudumu, akaangalia pasi kwa macho, dakika 15 laini ikawaka. Chukua ile ya kulipia kabla, kifurushi cha wiki nne, usisaini mkataba wa miezi 24 wiki ya kwanza hata ukiahidiwa simu mpya, hujui bado utakaa mji huo au la. Laini ya nyumbani usiitupe, iache kwenye tundu la pili la simu, maana namba za siri za benki ya nyumbani zinakuja huko kwa meseji.

Sasa anwani, hapa nisikilizeni vizuri. Ukishahamia kwenye chumba una wiki mbili kisheria kwenda kujiandikisha ofisi ya wakazi, kitu wanachokiita Anmeldung. Karatasi wanayoitaka inaitwa Wohnungsgeberbestätigung, neno refu lakini lijue lilivyoandikwa maana ndo utaliona kwenye ukurasa wa kuweka miadi. Ni ukurasa mmoja, mwenye nyumba anaandika jina lako, anwani, tarehe uliyohamia, anasaini. Mkataba wa kupanga hautoshi! Watu wanaenda na mkataba wa kurasa kumi wanarudishwa. Miaka yangu ya mwanzo nilipanga kwa mtu aliyekuwa amepanga kwa mtu, hela akachukua, nikimwomba hiyo karatasi anasema kesho, kesho, kumbe mwenye nyumba halisi hajui kama mimi nipo. Nilikaa wiki sita bila benki, nikala akiba yote. Ndo maana kabla hujatuma hata senti ya dhamana kutoka nyumbani, muulize kwa maandishi: utanisainia Wohnungsgeberbestätigung siku nikihamia? Akikwepa swali, hicho chumba achana nacho hata kiwe cha bei nzuri vipi. Na dhamana kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu, akitaka zaidi ya hapo shtuka.

Miadi ya ofisi ya wakazi weka ukiwa bado nyumbani, miji mikubwa nafasi zinajaa wiki kadhaa mbele. Ukikosa, fungua ule ukurasa asubuhi mapema, watu wanafuta miadi na nafasi zinarudi. Sisi tuliipata Jumatatu tarehe 29. Pasi, ile karatasi, fomu, dakika kumi, akatoka na cheti cha makazi kinachoitwa Meldebescheinigung. Hakikisha jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasi, majina yote na kwa mpangilio uleule, sisi tuna majina matatu na la mwisho ni la babu, wao wanataka kujua lipi la ukoo, ukijaza hivi huku na vile kule benki watasema huyu sio mtu mmoja.

Halafu siku hiyohiyo bandika jina lako kwenye sanduku la barua la nyumba. Kijikaratasi na selotepu. Mleta barua wa huku anaangalia jina tu, halioni anarudisha, na kila kitu chako kinakuja kwa posta: kadi ya benki, namba ya siri ya kadi kwenye bahasha yake peke yake siku nyingine, namba ya kodi ambayo bila hiyo kazini unakatwa kodi kubwa. Mtu anakuja kunilalamikia mwezi mzima kadi haijafika, nauliza jina umebandika, kimya.

Benki tulienda Jumanne na cheti kile na pasi. Unachohitaji ni akaunti ya kawaida ya kupokea na kulipa, ambayo ni tofauti na ile uliyofungua kwa ajili ya visa, ile Sperrkonto. Ile ya visa ni kama kibubu, ndani kuna euro 11,904 ya mwaka kwa kiwango cha tangu Septemba 2024, inatoa 992 kila mwezi na inazitoa kwenda akaunti ya kawaida iliyo kwa jina lako. Mpaka uwapelekee namba ya hiyo akaunti ya kawaida pamoja na makaratasi wanayotaka, hela imelala tu. Hesabu ya siku za mdogo wangu: akaunti imefunguliwa tarehe 30, kadi imefika tarehe 10 Oktoba, hela ya kwanza kutoka kwenye kibubu tarehe 16. Wiki tatu kamili tangu atue, na hapo kila kitu kilienda bila kukwama.

Alikuja na euro 700 mkononi. Kodi ya chumba 320, ada ya semista 290, laini 10, zikabaki 80 za kula na kununua sufuria na blanketi kwa siku 20. Hazikutosha, nilimkopesha. Mimi nawaambia mje na 1,200 mpaka 1,500 ambazo mnaweza kuzishika, hata kama zitakuwa nusu kwenye kadi ya nyumbani inayokubali malipo ya nje.

Hiyo ada ya semista nayo chuo hawapokei keshi, ni kuhamisha benki kwa benki, na wewe benki huna bado. Tulichofanya alinipa keshi nikamlipia kwenye akaunti yangu. Ukilipiwa na mtu, ile sehemu ya maelezo ya malipo aandike namba yako ya mwombaji kama chuo walivyoiandika kwenye barua, asiandike jina lake au "ada ya fulani", kompyuta inatafuta namba, isipoiona hela inaelea na wewe unaonekana hujalipa.

Usajili wa chuo wenyewe ni mwepesi ukiwa na vyeti halisi, sio nakala, pamoja na ada na bima ya afya. Bima ndo inachelewesha. Ile ya safari haikubaliwi kwa usajili, unajiunga na mfuko wa bima wa umma, kwa walio chini ya miaka 30 kuna bei ya wanafunzi, na mfuko wenyewe ndo unatuma taarifa chuoni kwa mtandao, wewe hupeleki kadi. Hiyo taarifa ofisini wanaiita M10. Jiunge ukiwa bado nyumbani, fomu ni ya mtandaoni, uwatajie jina la chuo. Mdogo wangu alijiunga lakini hakutaja chuo, taarifa haikwenda popote, akaunti yake ya chuo ikawa inaonyesha bima bado, tumegundua Alhamisi tarehe 2 mchana, na Ijumaa tarehe 3 Oktoba ni sikukuu ya taifa, kila ofisi imefungwa mpaka Jumatatu ambayo ndo ilikuwa siku ya mwisho ya kujisajili. Akapiga simu kwenye mfuko wa bima hiyohiyo Alhamisi akataja chuo, Jumatatu asubuhi taarifa ikaonekana. Ukipitisha tarehe ya mwisho nafasi yako wanaweza kumpa mwingine, kwa hiyo hiyo bima iangalie siku ya kwanza, usingoje uambiwe.

La mwisho la wiki hiyo, na watu wanalisahau kwa sababu visa bado inaonekana ndefu: visa nyingi za wanafunzi ni za miezi mitatu, kibali cha kukaa unaomba ofisi ya wageni ya mji wako, na miadi yao inaweza kuwa mbali sana. Ukishapata cheti cha makazi na cha chuo, omba wiki hiyohiyo, kwa fomu ya mtandao au kwa imeili, na tunza uthibitisho kwamba umetuma na tarehe yake. Ukiwa umeomba kabla visa haijaisha, unaruhusiwa kuendelea kukaa mpaka wakujibu, na wanakupa karatasi ya muda inayosema hivyo. Ila hiyo karatasi muulize afisa kama unaweza kusafiri nayo kabla hujakata tiketi ya kwenda nyumbani Krismasi, maana zipo za aina tofauti na sio zote zinakurudisha.