Sabuni inasoma -37 na rafu imejaa

"Jamani, sabuni kwenye mfumo wa mauzo wa duka inasoma -37 na rafu imejaa. Nifanyeje?"

Dada, aliyekushauri uhesabu na kuandika idadi mpya kakupa nusu ya dawa. Leo itakaa sawa, mzigo ujao utarudi kulekule. Fungua historia ya bidhaa, tafuta siku ilipovuka sifuri, kisha kagua manunuzi ya kabla yake.

Mara nyingi utakuta zimepokelewa katoni 10 za vipande 24, aliyeingiza akaandika 10 tu. Kaunta ikauza vipande 47. 10 toa 47, ndiyo hiyo -37. Rekebisha manunuzi yasome 240, mfumo utasema 193. Hesabu rafuni baada ya kufunga duka. Ukikuta 191, hivyo 2 vitoe kwa marekebisho ya peke yake na sababu yake, maana huo ni upotevu wa kweli. Angalia pia bei ya kununulia: ya katoni huwa imekaa kwenye kipande, kila mauzo yanaonekana hasara.

Kama manunuzi yako sawa, basi mliuza kabla ankara haijaingizwa. Mimi niliwahi kuzuia mfumo usiuze hasi. Keshia akawa anapitisha sabuni kwa jina la dawa ya meno ili foleni isogee! Nikaondoa kizuizi, nikaweka katoni = 24 kwenye kipimo, na mzigo haupandi rafuni kabla ya kuingizwa.

— Na unga wa kupima, bosi? Wangu hasi kila mwezi.

— Huo anza na mizani, ndugu. Wangu wenyewe bado unanisumbua.