Mke wangu kila nikiomba hela ananitajia 72

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 38, mke na watoto wawili, tupo Morogoro. Mwaka jana tuliuza kiwanja chetu, mke wangu akaweka milioni 10 kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, anasema zinapata kama asilimia 12 kwa mwaka. Rafiki yangu kanionyesha biashara ya mtandaoni, hela inakuwa mara mbili ndani ya miezi 6, yeye ameshavuna. Nikisema tuhamishe mke wangu anaanza "72 gawa kwa 12, 72 gawa kwa 6", anasema hiyo kitu haiwezekani, na alinijibu hivyo mbele ya mdogo wangu. Nikamwambia basi tutoe hata faida ya kila mwaka, hataki. Mpaka kamkopo kadogo ka 1,500,000 nilikochukua miezi 5 iliyopita kwa asilimia 10 tu nimeshindwa kukamaliza kwa sababu yake. Huyu mwanamke ananiheshimu kweli? Baba wa Wawili.*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kujibiwa mbele ya mdogo wako, hilo mkeo angesubiri mbaki wawili. Kwa mengine yote nipo upande wake, na wewe barua yako ina kitu umekizungushia maneno mengi ili nisikione.

Kitu chenyewe ni huo mkopo. Umeuita kadogo, ukasema asilimia 10 "tu", hukusema ni kwa mwezi au kwa mwaka, hukusema hela ilienda wapi, halafu ukamtupia lawama mke ambaye nina wasiwasi hata hajui kama upo. Mimi nahisi huo ni mkopo wa kausha damu, na hiyo asilimia 10 ni ya mwezi. Na hela naona kabisa imeshaingia kwa rafiki yako, ndio maana una haraka na hizo milioni 10. Unataka kuziba shimo kabla mkeo hajaliona.

Sasa tuanze na hiyo 72 maana umeichukia bila kuielewa. Unachukua 72 unagawa kwa asilimia ya riba, jibu ni muda ambao hela itachukua kuwa mara mbili. Riba ikiwa ya mwaka jibu ni miaka, ikiwa ya mwezi jibu ni miezi. Basi. Mkeo hakuitunga ili akukomeshe, Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko, aliiandika kwenye kitabu chake cha hesabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494, na wafanyabiashara wanaitumia mpaka leo kwa sababu 72 inagawanyika vizuri kichwani, kwa 2, 3, 4, 6, 8, 9 na 12, huhitaji kalkuleta.

Mfuko wenu ni asilimia 12, 72 gawa kwa 12 ni 6, kwa hiyo miaka 6. Usimwamini yeye wala mimi, chukua simu yako uzidishe. Milioni 10 mwaka wa kwanza inakuwa 11,200,000. Mwaka wa pili asilimia 12 inapigwa kwenye hizo 11,200,000, sio kwenye 10 tena, unapata 12,544,000. Wa tatu kama 14,049,000, wa nne 15,735,000, wa tano 17,623,000, wa sita 19,738,000. Umeona? Imekosa laki mbili na kidogo tu kufika milioni 20, na mkeo alikupa jibu amesimama jikoni. Faida ya mfuko haiahidiwi, inaweza kushuka, ikishuka ikawa 9 basi 72 gawa kwa 9 mnasubiri miaka 8, nalo hilo mjue mapema msije mkagombana.

Na hapo ndipo lipo jibu la kwa nini hataki utoe faida kila mwaka. Hiyo hesabu ya 72 inafanya kazi pale tu faida inapoachwa iungane na mtaji nayo izae. Ukitoa 1,200,000 kila mwaka mkala sikukuu, baada ya miaka 6 mtakuwa mmekula 7,200,000 na mfukoni bado kuna milioni 10 zile zile, tena zikiwa zinanunua vitu vichache kuliko leo maana bei hazikusubiri. Mkiiacha, faida inakuwa 9,738,000. Ile tofauti ya milioni 2 na nusu ndio faida iliyozaliwa na faida, na ndiyo mkeo anailinda. Mtu anayetoa riba yake kila mwaka asigawe 72, agawe 100, kwa asilimia 12 itakuwa miaka 8 na miezi kama 4 mpaka alichokitoa kilingane na mtaji. Wengi wanachanganya hapa, hasa wenye hatifungani za serikali, riba inaingia benki kila miezi 6, wanaila, halafu wanashangaa mbona haiongezeki.

Twende kwa rafiki yako. Hapa mkeo alikuwa anafanya kitu cha akili sana na wewe ukaona dharau: aligeuza hesabu. Mtu akikuahidi hela mara mbili kwa miezi 6, gawa 72 kwa 6 unapata 12, yaani anadai anapata asilimia 12 kila mwezi. Mfuko unahangaika mwaka mzima kupata hiyo. Sasa iache iende, hela inayokuwa mara mbili kila miezi 6 kwa mwaka inakuwa mara nne. Milioni zako 10 mwaka ukiisha ni 40, wa pili 160, wa tatu 640, wa nne bilioni 2 na milioni 560, wa tano bilioni 10 na zaidi. Kwa milioni 10 za kiwanja cha Morogoro! Na wewe sio peke yako mle ndani, kila mmoja ameahidiwa hivyo hivyo, niambie ni biashara gani hiyo ya kuwalipa wote.

Halafu jiulize na hili, mtu mwenye biashara inayozalisha asilimia 12 kwa mwezi anataka hela yako ya nini? Si angeenda benki, akope hata kwa asilimia 20 kwa mwaka, faida ya miezi miwili tu imlipie riba ya mwaka mzima, na faida yote inayobaki iwe yake? Anakuja kwako kwa sababu hana biashara, anachukua ya anayeingia leo anampa aliyeingia jana. Waliokuwa watu wazima mwaka 2009 wanaukumbuka mchezo wa upatu wa DECI, watu walipanda mbegu kwa maelfu, na waliotangulia walivuna kweli, hicho ndicho kilichowavuta wengine. Kwa hiyo "rafiki yangu ameshavuna" sio ushahidi mwanangu. Muulize aliitoa ikaingia kwenye simu yake, au aliona tu namba inapanda kwenye skrini akashauriwa airudishe ikue? Na muulize anapata kiasi gani akikuingiza wewe.

Haya, deni lako sasa. 72 haina upendeleo, inavyokuza akiba ndivyo inavyokuza deni. Kama ni asilimia 10 kwa mwezi, 72 gawa kwa 10 ni 7 na kidogo, kwa hiyo deni lisipolipwa linakuwa mara mbili kwa miezi 7 na siku chache. Wewe uko mwezi wa tano: 1,650,000, 1,815,000, 1,996,500, 2,196,150, 2,415,765. Kama hujapeleka kitu, hapo ndipo ulipo leo, na mwezi ujao peke yake utaongezwa zaidi ya laki mbili na arobaini. Kasome karatasi uliyosaini, maana wengine wanapiga asilimia 10 kwenye ile 1,500,000 ya mwanzo tu, laki na nusu kila mwezi, hapo leo ungekuwa 2,250,000 na kufika mara mbili ingechukua miezi 10. Wengine wanapiga kwenye salio lote na juu yake wanaweka faini. Uliza kwa mdomo kabisa, riba mnaipiga kwenye nini, na wakuandikie. Na kama uliwaachia kadi ya benki na namba ya siri, ujue mshahara wako wanauona kabla yako.

Vijana mnanisikitisha kwenye hizi ndoa za siku hizi. Mtu anaoa mke mwenye kichwa, anamsifia kwa marafiki, siku kichwa kile kikifanya kazi ndani ya nyumba anaita kukosa heshima. Heshima sio mke kunyamaza wakati hela ya watoto inatoka mlangoni. Bibi zetu walikuwa wanaficha hela chini ya kanga maana waume hawakuulizwa, leo mke anaiweka wazi, anakuonyesha na hesabu, wewe ndio umegeuka wa kuficha. Na nyie kina mama mnaosoma hapa msicheke, nawajua mnaokopa kwa siri kulipia mchezo, ni yale yale. Mficha uchi hazai.

Kwa hiyo leo jioni watoto wakilala kaa na mkeo umwambie deni lote, tarehe, kiasi, na hela ilienda wapi, usianze na habari ya mdogo wako. Halafu muombe muuze vipande vyenu kwenye ule mfuko, vya kutosha kulipa lote kwa mara moja. Najua atashtuka maana kila siku anasema visiguswe, lakini hapa hesabu yake yenyewe itamkubalisha: milioni 2 na laki 4 zikiwa mfukoni zinaleta kama elfu 24 kwa mwezi, zikiwa deni zinakula laki mbili na arobaini. Hakuna mfuko wa kushindana na hiyo, dawa ya deni ni kulipa. Mfuko sasa hivi una kama 11,200,000 kama mwaka umetimia, mkitoa 2,400,000 inabaki 8,800,000, na mkiiacha kwa asilimia 12 hiyo hiyo mtarudi milioni 11 baada ya miaka 2.

Ukichagua kunyamaza miaka hiyo hiyo 2, deni litakuwa limejizidisha kwa mbili, tena sio mara moja, ni zaidi ya mara tatu. 2,400,000 inakuwa 4,800,000, halafu 9,600,000, na kabla miezi 22 haijaisha ni 19,200,000, mfuko wote ukiuzwa hautoshi. Siku ya kulipa nendeni wote wawili, mkeo ndio ahesabu hela, mdai risiti na barua ya kumaliza deni, mrudishiwe na kadi kama wanayo, kisha mbadilishe namba ya siri siku hiyo hiyo.