Shajara ya kwenye WhatsApp: toa nakala yako

"Miaka miwili sasa kila usiku najiandikia WhatsApp: mauzo ya dagaa, watoto, yaliyonisibu. Nikipoteza simu itakuwaje? Niko Ujiji."

Dada yangu, pole na hongera. Mimi niliwahi kupoteza simu pale mwaloni Kibirizi, na maandishi ya mwaka mzima ya mama yangu akiugua yakaenda nayo. Bado yananiuma.

Bakapu ya Google Drive irudishe ukibadili simu, lakini huwezi kuifungua na kuisoma kama faili la kawaida. Inasomeka ndani ya WhatsApp tu. Unachohitaji ni maandishi matupu. Fungua gumzo lako, gusa nukta tatu, `More`, kisha `Export chat`, uchague `Without media`. Jitumie kwa baruapepe, kisha ulihifadhi kwenye flashi. Ni faili la `.txt`, hata simu ndogo ya mtoto italifungua.

Hapo usiridhike, lifungue. Mstari wa kwanza uwe ile siku uliyoanza kuandika. Ukiona linaanzia katikati, limekatwa, kwa sababu lina kikomo cha jumbe. Ndiyo maana mimi hutoa kila mwisho wa mwezi.

Sauti ulizorekodi hazimo; utakuta `<Media omitted>` mahali pake. Kama kuna sauti ya bibi yenu humo, itoe peke yake leo hii. Na faili hili halirudi tena ndani ya WhatsApp, wala halina nywila, kwa hiyo flashi iweke kabatini, si dukani.