Maharage, presha kuka na uniti zinazoondoka na mvuke

*Shikamoo dada. Nataka presha kuka ya umeme ila mume wangu kagoma. Anasema imeandikwa wati 1000 na raisi kuka yetu ni wati 700, kwa hiyo itatumalizia LUKU. Ni kweli? – Mama wa watoto wanne, Mbagala*

Marahaba mdogo wangu. Si kweli, na nitalijibu kwa kirefu leo kwa sababu barua za namna hii zimejaa mezani, zote zimebeba kosa lilelile la kusoma wati na kuishia hapo.

Wati zinakueleza kasi ya kifaa kuvuta umeme wakati kimewaka. Hazisemi kitawaka kwa muda gani. LUKU inakata uniti, na uniti moja ni wati 1000 zikiwaka saa nzima. Presha kuka ya wati 1000 haiwaki saa nzima. Inawaka mfululizo kama robo saa mpaka presha ishike, kisha inazima yenyewe na kuwaka kidogokidogo kulinda joto. Chungu kimefungwa, mvuke hautoki, kwa hiyo hakuna kikubwa cha kurudishia.

Nimepima nyumbani kwangu. Nilizima kila kitu, hata friji, nikaandika namba ya mita kabla na baada. Kila mara nilipika nusu kilo ya maharage ya njano, hayakulowekwa, kwa lita 2 za maji. Presha kuka ilikula uniti 0.38. Raisi kuka ilichukua zaidi ya saa mbili na kula uniti 1.5, na ilibidi nimwongezee maji mtoto huyo kila nikigeuka, jumla lita moja na nusu. Sufuria ya kawaida kwenye jiko la umeme la koili ilikula 1.65, ingawa nilipunguza moto mara tu ilipochemka.

Siri yote iko kwenye hayo maji niliyokuwa naongeza. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka bombani mpaka yatokote kunataka chini ya sehemu moja ya kumi ya uniti. Kuigeuza lita hiyohiyo iwe mvuke kunataka zaidi ya sehemu sita za kumi, yaani mara saba. Ukiona sufuria inafuka moshi mweupe jikoni na dirisha linatoa jasho, hizo ni uniti zako. Maharage hayazihitaji. Maji yakishachemka, hata uyachochee mpaka mfuniko urukeruke, joto halipandi. Yanakauka tu upesi. Ndani ya presha kuka mvuke umebanwa, joto linapanda mpaka kama nyuzi 115, na ndiyo maana maharage yanalainika kwa dakika 45 badala ya saa mbili.

Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, shilingi 356 kwa uniti kodi zikiwamo, sufuria moja ya maharage ni kama shilingi 135 kwenye presha kuka na 590 kwenye koili. Na kama ninyi mko kwenye bei ya chini, ile isiyotaka mzidi uniti 75 kwa mwezi, mwonyeshe mumeo hesabu hii: maharage mara nne kwa wiki kwenye koili ni uniti 26 kwa mwezi wa wiki nne, kwenye presha kuka ni 6. Hizo 26 ni theluthi nzima ya posho yenu ya bei nafuu, imeishia kwenye maharage peke yake.

*Mimi ni mwanafunzi, nimepanga chumba, nina raisi kuka tu. Huwa nachemsha maharage kidogo, kisha naiacha kwenye taa ya kupasha usiku kucha ili nisile umeme. Asubuhi mengine yanakuwa bado magumu. Nakosea wapi? – Dodoma*

Acha kabisa, kuanzia leo. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huvunjika yakitokota sawasawa kwa dakika zisizopungua kumi. Yakikaa kwenye joto la kupasha bila kutokota hivyo, sumu haivunjiki, na katika joto la karibu nyuzi 80 inaweza hata kuzidi ile ya punje mbichi. Mtu anakula punje chache ngumu, baada ya saa mbili tatu anatapika, analaumu maji ya kisima.

Elewa raisi kuka inavyofanya kazi. Chini ya bakuli kuna sumaku inayoshika swichi. Maadamu maji yapo, bakuli haliwezi kupita sana joto la kuchemka na swichi inabaki imeshika. Maji ya wali yakiisha, joto la chini linapanda, sumaku inalegea, swichi inaruka. Kwa maharage maji hayaishi, kwa hiyo inachemsha kwa nguvu zote bila kupumzika mpaka uizime mwenyewe, au mpaka yakauke na kushika. Haijui kupunguza moto. Kwa kazi hii ni jiko la koili lenye bakuli.

Lakini unaweza kuitumia vizuri. Loweka robo kilo tangu jioni, asubuhi mwaga maji hayo, weka lita moja mapya, bakuli lisizidi nusu. Yakianza kutokota hesabu dakika 20 kamili. Zima, chomoa waya, toa bakuli na mfuniko wake, lizungushie kanga mbili na blanketi, liweke ndani ya beseni au kikapu, uende darasani kama saa mbili. Usifunue kuchungulia. Ukirudi, rudisha kwenye raisi kuka, yatokote tena dakika 10, onja. Jumla yake ni nusu uniti hivi, na joto la kwenye blanketi hulilipii. Yakiwa bado, ongeza dakika kumi nyingine. Maharage ya zamani yaliyokaa ghalani penye joto na unyevu hayatalainika kwa njia hii, hata uyafunge magodoro.

*Sisi wa Njombe maharage hayaivi haraka kama ya ndugu zetu wa Dar, na mbegu ni ileile tumewatumia. Maji au kuni? – Mkulima*

Ni mwinuko, baba. Njombe iko juu, hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94 badala ya 100. Nyuzi hizo sita ni nyingi kwa maharage. Unaona yanatokota, kumbe yanatokota kwa joto dogo, na kuongeza kuni hakubadilishi chochote.

Hapo ndipo presha kuka inapolipa zaidi kuliko pwani, iwe ya umeme au ya kuweka motoni. Ongeza tu dakika kama kumi juu ya zilizoandikwa kwenye kijitabu, kwa sababu presha yake nayo inaanzia chini kuliko ya Dar. Na loweka. Watu wa nyanda za juu mnakula maharage kila siku, halafu nusu yenu mnaniandikia kwamba kuloweka kunapoteza ladha. Kinachopotea ni kuni.

*Maharage ni ya mkaa, umeme ni wa chai. Mkaa wa 2,000 unapika mchana na usiku. – Msomaji wa siku nyingi, Tanga*

Pima mkaa wako kwenye mzani kabla na baada ya chungu kimoja. Mimi nilipima kwenye jiko la udongo: nusu kilo ya maharage yasiyolowekwa ilichoma karibu kilo moja. Bei ya kilo mtaani kwenu unaijua mwenyewe. Linganisha na zile shilingi 135. Na usiuwashe huo mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa wamelala.

*Natumia presha kuka ya gesi. Filimbi ikianza napunguza moto inanyamaza, nikiongeza inapiga kelele. Ipi sahihi?*

Punguza. Filimbi ikishalia, ndani kumeshafika joto lake, na gesi yoyote ya ziada inatoka kwenye filimbi. Shusha moto mpaka isikike ikipumua kwa mbali. Ikinyamaza kabisa na pini ya mfuniko ikashuka, umepunguza mno.

*Nina sola ya wati 300, itapika maharage?*

Moja kwa moja kwenye presha kuka ya wati 1000, hapana.

*Naweka nyanya na ndimu mwanzoni ili zikolee, lakini presha kuka inashindwa kuyaivisha. Je, imeharibika?*

Haijaharibika. Uchachu unakaza ganda la punje. Chemsha maharage kwa maji matupu, yakishalainika ndipo uunge.

*Presha kuka yangu ya umeme zamani maharage dakika 45, siku hizi saa nzima na LUKU inakimbia. Fundi anataka kubadilisha koili. – Mwanza*

Usimpe hela bado. Yalinikuta mwaka jana. Mpira wa mfuniko ulichakaa, nikanunua mwingine kwenye duka moja, muuzaji akaniapia kwamba ni saizi yake. Maharage yaleyale ya uniti 0.38 yakala 0.9. Koili ilikuwa nzima. Tatizo mvuke ulikuwa unapenya pembeni, presha haishiki, koili ikawa haipumziki.

Dalili zipo wazi. Pini ya mfuniko inachelewa kupanda, ikipita dakika 25 ujue mvuke una pa kupenya. Utaona matone ukingoni mwa mfuniko na kusikia sauti nyembamba upande mmoja. Angalia pia tundu la mvuke. Watu wanajaza maharage mpaka juu, povu linapanda na kuganda humo. Kwa maharage mwisho ni nusu ya bakuli, na kijiko cha mafuta kinatuliza povu. Ukimaliza muda, usifungulie mvuke. Zima, chomoa, iache robo saa ishuke yenyewe. Maharage yanaendelea kuiva bila umeme, na hutamwagiwa povu la moto. Mfuniko ukigoma kufunguka, ndani bado kuna presha, usiulazimishe kwa kisu.

Kisha fanya kipimo hiki. Osha mpira, ukague kama una ufa au umelegea, uurudishe mahali pake. Weka lita moja ya maji matupu, pika kwa presha dakika 20, iache ishuke yenyewe, halafu pima maji yaliyobaki. Presha kuka nzima inarudisha karibu yote. Ukikuta yamepungua zaidi ya glasi moja, nenda na mfuniko wenyewe dukani, ujaribishe mpira palepale kabla ya kulipa.